UZI: Dadangu kaacha watoto wawili, baba yao alishatangulia. Nani anafaa kuwa mlezi kisheria, na korti inamfuatilia vipi?

mamadogo_wa_Mtwapa
Habari zenu wadau, naomba msaada wa mawazo na tafadhali msinicheke maana kichwa kimejaa. Dadangu mkubwa kafariki mwaka huu, mumewe alimtangulia kitambo, wameacha watoto wawili, kijana wa 16 na msichana wa 9. Wote wako kwangu tangu mama yao alipoanza kuugua, nawalisha, nawapeleka shule, na yule mdogo usiku analala na mimi. Sasa yuko baba yao mdogo, ndugu wa marehemu shemeji, ambaye hajawahi kuleta hata unga, amekuja na wazee wawili anasema watoto ni wa ukoo na nyumba ya Mtwapa aisimamie yeye. Hiyo nyumba ni ya dadangu, hati ina jina lake, na nyuma kuna vyumba vinne vya kupangisha. Wapangaji wameshaanza kumlipa yeye kwa simu yake.

Halafu kuna pesa za kazini kwa dada, kule walikosimamia pensheni wameniambia hawawezi kunipa chochote cha watoto bila karatasi ya korti ya ulezi. Benki nao vilevile. Maswali yangu: mie mama mdogo naweza kuwa mlezi au lazima awe wa upande wa baba? Na korti ikishamteua mtu, inajuaje kama anakula mali ya watoto au la? Dada aliniandikia WhatsApp akiwa wodini kwamba "wanangu wakae na wewe, usiwaachie watu", hiyo inahesabika?

MzeeWaManeno
Pole sana binti yangu. Nikueleze wazi, watoto ni wa ukoo wa baba, hivyo ndivyo tulivyokuta. Ila kama unataka ya serikali basi chukua barua ya chifu, hiyo barua ndiyo kila kitu, ukishakuwa nayo hakuna atakayekugusa. Na ujue pia mlezi lazima awe na miaka 25 kwenda juu na asizidi 65, kwa hivyo nyanya yao wa upande wenu asijisumbue kwenda korti.

KaraniMstaafu
Mwanangu mamadogo, pole kwa msiba. Nimekaa masjala ya korti miaka mingi, faili za watoto nimezibeba sana, ngoja nikueleze polepole.

Kwanza nimsahihishe mzee wangu kwa heshima. Hayo ya 25 na 65 ni masharti ya kuasili mtoto, yaani kumfanya mtoto awe wako kabisa kisheria. Ulezi ni jambo jingine, hauna huo mpaka. Nimeona nyanya wa miaka zaidi ya 70 akipewa ulezi kwa sababu watoto wamekulia kwake na ana nguvu za kuwaangalia, na nimeona kijana aliyetoka shule juzi akipewa wadogo zake. Barua ya chifu nayo inahitajika, lakini inathibitisha tu kwamba chifu anaijua familia na nani kafariki na nani kabaki. Haimfanyi mtu kuwa mlezi. Ukiipeleka benki peke yake watakurudisha.

Kwa hapa Kenya jambo hili liko kwenye Sheria ya Watoto ya 2022, ile iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Mlezi anapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza, mzazi mwenyewe akiwa hai amteue, ama kwenye wosia ama kwa hati maalum. Hiyo hati iwe na tarehe, mzazi aweke sahihi, na mashahidi wawili wawepo wakimwona akisaini. Ya pili, kama wazazi wote wawili wamefariki na hakuna aliyeteuliwa, mtu yeyote anaweza kuiomba Korti ya Watoto imteue. Nasema mtu yeyote, sheria haijasema wa kuumeni wala wa kikeni. Mama mdogo, mjomba, shangazi, kaka mkubwa, hata rafiki wa familia aliyekuwa anawalea. Korti inachoangalia ni maslahi ya mtoto, ndilo jambo la kwanza, na hata Katiba kifungu cha 53 kinasema hivyo hivyo.

Sasa ile WhatsApp ya dada yako. Haina sahihi wala mashahidi kwa hivyo si uteuzi. Lakini usiifute! Piga skrinshoti, ichapishe, iambatanishe kwenye hati yako ya kiapo. Hakimu atakapopima nani awachukue watoto, neno la mama yao aliyekuwa anajua anakufa lina uzito wake.

MzeeWaManeno
Nimesikia kuhusu umri, ahsante. Lakini kwa ukoo sijakubali. Korti itakuja kukaa nao watoto matangani?

kijana_wa_Tabata
Aisee pole dada. Hapa kwetu Dar huwa hatuhangaiki na mlezi, tunaenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, wanateua msimamizi wa mirathi na huyo ndiye anakuwa na kila kitu, watoto na mali. Alafu ndani ya miezi minne analeta Fomu namba 5 ya orodha ya mali na baadaye namba 6 ya hesabu. Fanya hivyo itakuwa rahisi.

KaraniMstaafu
Kijana, fomu umezitaja sawa kwa mahakama zenu za mwanzo huko Tanzania, ila huyu yuko Kenya na utaratibu ni mwingine. Na hata huko kwenu msimamizi wa mirathi kazi yake ni mali ya marehemu, kukusanya, kulipa madeni, kugawa. Kuteuliwa kwake hakumpi mtoto. Watu wengi wanachanganya hapo, mtu anapewa usimamizi wa mirathi kesho yake anakuja na gari kubeba watoto.

Na hili ndilo nataka mamadogo alishike vizuri. Kuna ulezi wa mtoto mwenyewe, analala wapi, anasoma wapi, akiugua nani anasaini hospitali. Na kuna ulezi wa mali yake. Korti inaweza kumpa mtu mmoja vyote viwili, au ikagawa. Aliyepewa mali tu hana ruhusa ya kuwachukua watoto. Kwa hivyo hata kama baba mdogo angefanikiwa kupewa kushika mambo ya nyumba, hilo halimpi yule msichana wa miaka 9 anayelala na wewe.

mamadogo_wa_Mtwapa
Alhamdulillah hata nimepumua kidogo, yaani nilidhani ni kitu kimoja. Sasa nianzie wapi? Na hao wapangaji je? Mwezi huu wote wamemtumia yeye, vyumba vinne kila kimoja 5,000, hiyo ni elfu ishirini, na shule inafungua wiki ijayo.

KaraniMstaafu
Anzia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako. Muone afisa wa watoto, umweleze kama ulivyotueleza. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya kifo vya wazazi wote wawili (ile karatasi ya kibali cha mazishi haitoshi, watu wengi wanakwama hapo), kitambulisho chako, barua ya chifu, na kitu chochote kutoka shule kinachoonyesha wewe ndiye unalipa karo na kuhudhuria mikutano ya wazazi. Halafu ombi linaingizwa Korti ya Watoto, siku hizi kufaili ni mtandaoni, kama huna wakili afisa atakuelekeza.

Korti ikishapokea itamtaka afisa wa watoto afanye uchunguzi na aandike ripoti. Atakuja kwako nyumbani, ataangalia wanalala wapi, ataongea na majirani, ataenda kwa baba mdogo pia amsikilize. Usimchukie kwa hilo, ni kazi yake. Ataongea na watoto wenyewe. Na hakimu naye mara nyingi huwaita watoto ofisini kwake bila makelele ya wakubwa awaulize wanataka nini. Kijana wa 16 maneno yake yatasikilizwa sana. Wa 9 naye atasikilizwa, ila hakimu atapima kama anasema ya moyoni au amefundishwa. Kwa hivyo nakuomba, USIMFUNDISHE mtoto cha kusema. Wanajua.

Kuhusu kodi ya vyumba, omba amri ya muda wakati kesi inaendelea, kwamba kodi ilipwe kwenye akaunti moja na isiguswe isipokuwa karo na chakula. Na mwambie huyo bwana mbele ya mashahidi kwamba mtu akiingilia mali ya marehemu kabla hajapewa idhini na korti anatenda kosa, liko kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, kina faini na hata kifungo. Wengi wakilisikia hilo wanalegea.

wakili_wa_Voi
Karani umeeleza vizuri, niongeze moja tu maana naona watu wataelewa vibaya. Amri ya ulezi haihamishi nyumba. Hati bado ina jina la marehemu, na haiwezi kutoka hapo mpaka mirathi ifunguliwe korti ya urithi. Hizo ni faili mbili tofauti. Nimekuwa na mteja amekaa na amri ya ulezi miaka kadhaa akidhani nyumba imeshakuwa ya watoto, kumbe kwenye rejista hakuna kilichobadilika.

Na kwenye mirathi, kwa kuwa warithi ni watoto wadogo, fungu lao linawekwa kwenye amana, yaani wasimamizi wanalishika kwa niaba yao, mpaka wafike miaka 18. Palipo na amana ya namna hiyo korti haimpi mtu mmoja peke yake usimamizi, wanatakiwa wasiopungua wawili, kifungu cha 58 cha hiyo Sheria ya Urithi. Wasizidi wanne. Kwa hivyo mamadogo hata kama ungependa kuwa peke yako kwenye mali huwezi, tafuta wa pili.

mjane_wa_Kwale
Samahani naingilia uzi wa wenyewe. Mimi mume wangu ndiye amefariki, nina watoto watatu wadogo, na shemeji yangu anasema kimila yeye ndiye mlezi sasa, na korti nayo imenikatalia nisimamie mali peke yangu wanataka mtu wa pili. Si ndiyo kusema korti imemkubali shemeji?? Nimelia sana na hilo.

wakili_wa_Voi
Hapana mama, usilie. Wewe uko hai, wewe ni mzazi, baba akifariki jukumu la wazazi linabaki kwako. Labda marehemu awe ameteua mlezi kwenye wosia, basi huyo anashirikiana na wewe, na mkikosana mnaenda korti. Au korti iombwe na ione sababu ya kukuwekea mwenzako. Mila peke yake haimpi shemeji watoto wako.

Hilo la mtu wa pili ni kwa ajili ya kile kifungu cha 58 nilichosema, linamhusu kila mtu hata mama mzazi, kwa kuwa kuna fungu la watoto ndani. Sheria haikusema wa pili awe shemeji. Peleka dadako, au mtoto wako mkubwa akiwa na 18, au mzee mnayemwamini wote.

mjane_wa_Kwale
Mungu akubariki. Hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuchagua, niliambiwa tu "leta mwanaume wa ukoo".

Bint_Swaleh
Na sisi Waislamu je? Maana naona mnaongea kama wote ni wa korti ya watoto. Kwetu mama na jamaa zake wana hadhana ya kumlea mtoto lakini uwalii wa mali uko kwa baba, halafu kwa yule baba alomuwasia, halafu babu, na wasipokuwepo ni kadhi. Mie ami yangu alinishikia mali yangu tangu niko mdogo na nshaolewa ndo nadai. Kesi ikaenda kwa kadhi.

wakili_wa_Voi
Bint Swaleh, kwa urithi wenyewe ni kweli, nani anapata fungu gani, Waislamu wanafuata sheria yao na kadhi ana mamlaka pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali kwenda kwake. Ila ile sehemu ya 7 ya Sheria ya Urithi, inayosema msimamizi alete orodha ya mali na hesabu, inawahusu hata Waislamu. Kwa hivyo ami yako alitakiwa kutoa hesabu, hilo halina dini.

Kwa ulezi wa mtoto mwenyewe, hapo majaji wamekuwa na maoni tofauti. Wapo wanaosema mambo ya mtoto yaende Korti ya Watoto moja kwa moja, wapo wanaoona kadhi anaweza kuyagusa yanapotoka kwenye ndoa na talaka. Mimi wateja wangu huwapeleka Korti ya Watoto, ndipo amri haibishaniwi.

Bint_Swaleh
Mie sikubali. Kadhi wetu aliwaita watoto, akamwita ami, akasoma hesabu mbele ya watu. Korti hiyo nyingine nasikia faili zinalala.

mamadogo_wa_Mtwapa
Jamani sisi ni mchanganyiko, dada alisilimu akarudi, tuache hiyo isije ikaleta vita nyingine 🙏 Mimi naomba nirudi kwenye swali la pili. Korti inamfuatilia mlezi vipi? Yaani nikishapewa mimi au yeye, nani anakagua?

MzeeWaManeno
Hakuna anayekagua. Nimeona kwa macho yangu, jirani alipewa watoto wa ndugu yake na korti, ploti ikauzwa, watoto wako mtaani.

KaraniMstaafu
Mzee hapo umegusa penyewe na siwezi kukubishia sana. Nitasema nilichokiona.

Aliyepewa ulezi wa mali anatakiwa kuilinda isipotee, kudai kinachodaiwa, na kutoa hesabu kila baada ya miezi 12 au mapema zaidi hakimu akiagiza. Hesabu anampa yule anayekaa na watoto, au anaipeleka korti, kadiri amri ilivyosema. Msimamizi wa mirathi naye ana zake, ndani ya miezi sita tangu apewe idhini alete orodha kamili ya mali na hesabu mpaka siku hiyo, na korti inaweza kumtaka hesabu wakati wowote, ama yenyewe ama akiombwa na mtu mwenye maslahi.

Sasa shida iko hapa. Masjala hakuna mtu anayekaa na kalenda akisema "leo fulani hajaleta hesabu". Faili likimalizwa linarudi rafu. Kama hakimu hakuweka tarehe ya kutajwa tena, na hakuna mtu aliyekuja kuuliza, miaka kumi inapita. Kwa hivyo siku amri inatolewa, wewe au wakili wako simameni mwombe vitu vitatu viandikwe ndani ya amri yenyewe: tarehe ya hesabu ya kwanza, kodi iingie benki na si kwenye simu ya mtu, na kwamba nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani bila ruhusa ya korti. Hakimu hawezi kukasirika. Amri isiyo na tarehe ni kama barua ya pongezi.

Nikupe faili moja nililolibeba mwenyewe, majina nayaacha. Watoto watatu yatima, wanakaa na nyanya. Korti ilimpa nyanya watoto, mjomba wao akapewa mali, ambayo ilikuwa vyumba sita vya kupanga, kila kimoja 4,500 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza mjomba akaleta hesabu karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, "mapato 270,000". Hakimu akachukua kalamu. Sita mara 4,500 ni 27,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 324,000. Zimeenda wapi 54,000? Mjomba akasema vyumba vilikuwa vitupu. Elfu 54 ni sawa na chumba kukaa kitupu miezi kumi na miwili.

Nyanya hakujua kusoma lakini alikuwa amemtuma mjukuu wake mkubwa akaongea na kila mpangaji, nani aliingia lini na nani alitoka lini. Ikaonekana ni chumba kimoja tu kilikaa kitupu, miezi miwili, yaani 9,000. Kwa hivyo mapato ya kweli ni 315,000 na kuna 45,000 hazionekani. Halafu kwenye matumizi mjomba alikuwa amejilipa 5,000 kila mwezi ya "usumbufu na nauli", hiyo ni 60,000 kwa mwaka, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Hakimu hakumfukuza. Alimwamuru arudishe zile 45,000 kwenye akaunti ya watoto, ile ya usumbufu akaikataa isipokuwa nauli yenye risiti, na kuanzia hapo wapangaji walipe benki na hesabu ya mwaka ije na taarifa ya benki nyuma yake. Hesabu ya mwaka uliofuata ilikuwa safi.

mjane_wa_Kwale
Kwa nini hakumfukuza? Mwizi ni mwizi! Mtu akila cha yatima unamwachia tena?

KaraniMstaafu
Hata mimi siku hiyo nilijiuliza. Hakimu alisema hakuna mwingine kwenye familia anayeweza kuwafuatilia wapangaji, nyanya hana nguvu, na ada za kuanza upya zitatoka kwa watoto haohao. Lakini korti ina uwezo wa kumwondoa, na nimeona wakiondolewa, hasa walioficha mauzo au waliogoma kuleta hesabu wakiitwa.

wakili_wa_Voi
Mimi ningeomba aondolewe. 45,000 ndani ya mwaka wa kwanza, bado hujazoea hata kuiba. Ila ndiyo hivyo, ni uamuzi wa hakimu na wawili wanaweza kuona tofauti faili lilelile.

Kwa anayetaka kujua kama mali inaliwa, msisubiri mwaka. Angalieni karo. Kama kodi inaingia kila mwezi na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, kuna pesa inapotea njiani. Angalieni kama wapangaji wameambiwa wabadilishe namba ya kulipia. Na fanyeni upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi mara moja moja, ada yake ndogo, mtaona kama jina limebadilika au kuna mkopo umewekwa juu. Nyumba ikishauzwa kwa mtu aliyelipa bila kujua, kuirudisha ni kesi ya miaka.

kijana_wa_Tabata
Mkuu hapo kwenye pensheni aliyosema mwanzoni, hizo hela zinaingia kwenye mirathi au zinaenda moja kwa moja kwa mlezi?

wakili_wa_Voi
Swali zuri. Mara nyingi pesa za mfuko wa pensheni hazipiti kwenye mirathi, zinaenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mfuko. Kama aliyeandikwa ni mtoto mdogo, mfuko hauwezi kumpa mkononi, ndiyo maana wanamtaka mlezi mwenye amri ya korti. Mamadogo uwaulize marehemu alimwandika nani hasa. Na ukipewa amri, omba korti iseme zikae wapi, maana ni pesa nyingi kwa mara moja na maneno yataanza siku ileile, hata kama wewe ni mwaminifu.

MzeeWaManeno
Binti, nimesoma yote mara mbili. Bado nasema usiwatenge watoto na upande wa baba yao, siku za kutahiri na za kuoa watawahitaji. Mwite huyo baba mdogo mbele ya wazee wa pande zote mbili kabla ya korti. Kama ni mtu wa maana atakubali awe wa pili kwenye mali na watoto wabaki kwako.

KaraniMstaafu
Hapo mzee nakuunga mkono mikono miwili. Kwenye faili nyingi nilizoona zikiisha vizuri, pande zote mbili zilikuwa ndani. Wawili wanaoangaliana, mmoja kikeni mmoja kuumeni, wanalinda mali kuliko ndugu wawili wa tumbo moja wanaofunikiana. Ila mkikubaliana iandikwe, wote mtie sahihi, na iende korti iwe amri. Makubaliano ya mdomo mwisho wake mnaujua. Na zile 20,000 alizokwisha kupokea ziandikwe pia humo, siyo kumshtaki, ni ziwe mwanzo wa hesabu.

mamadogo_wa_Mtwapa
Nimerudi wapendwa. Jana tumekaa, wazee wanne, baba mdogo alikuja kwa hasira lakini yule kijana wetu wa 16 aliomba kuongea, akasema yeye anataka wabaki hapa kwa sababu mdogo wake hawezi kuhama shule tena, na akamwambia baba mdogo "nakuomba utusaidie na nyumba". Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Amekubali kuwa wa pili kwenye usimamizi, na kodi ya mwezi ujao iende benki. Zile elfu 20 amesema 8,000 alishatumia kwenye nauli na mambo ya arobaini, 12,000 amenipa hapohapo na nimelipa karo ya kuanzia. Tumeandika yote. Jumatatu twaenda ofisi ya watoto wote wawili.

Swali moja limebaki na limeulizwa na kijana mwenyewe. Anafika 18 kabla ya mdogo wake, miaka saba kabla. Je, siku hiyo nyumba inagawanywa?

wakili_wa_Voi
Hongera sana, na huyo kijana ana akili. Ulezi wako juu yake utaisha akifika 18, isipokuwa kuna sababu maalum kama ulemavu na korti iongeze muda. Fungu lake kwenye mali linakuwa lake kuanzia hapo, nusu, kwa kuwa wako wawili na hakuna mzazi aliyebaki. Fungu la mdogo wake linaendelea kuwa kwenye amana.

Lakini nyumba moja haikatwi kwa msumeno. Anaweza kupokea nusu ya kodi moja kwa moja na nyumba ibaki ilivyo mpaka dada yake afike. Akitaka nusu yake kwa pesa taslimu, hapo mtahitaji korti, maana nyinyi wasimamizi mnamlinda mdogo na hamuwezi kuuza fungu lake ili kumlipa mkubwa. Wapo majaji wameruhusu kuuza ikiwa ni kwa faida ya wote, wapo wamekataa kabisa. Mpeni nafasi awe kwenye kila hesabu ya mwaka kuanzia sasa, asome mwenyewe taarifa ya benki.

KaraniMstaafu
Na siku ya kwenda Jumatatu mbebe kopi tatu za kila kitu, mashine ya kopi ya pale mara nyingi haina karatasi.